Majalada Yaliyopanda Ngazi

Karani wa masjala aliponipeleka kwenye rafu za mirathi alinyoosha mkono kuanzia dirishani mpaka mlangoni, akasema, "Hayo yote yako, mwanangu. Soma mpaka uchoke." Nilifurahi kama mtu aliyepewa samaki bila kuingia baharini. Ilinichukua wiki sita kutambua kwamba majalada niliyoyahitaji kuliko yote hayakuwa kwenye rafu zile. Na hayakutoweka kiholela, kila moja lilikuwa na sababu ya kutokuwepo.

Nilikuwa naandika tasnifu ya shahada ya uzamili ya sheria kuhusu usimamizi wa mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, hapa Tanzania Bara, katika wilaya moja ya pwani. Wilaya yenyewe sitaitaja, na ukifika katikati ya simulizi hii utaelewa kwa nini. Swali langu lilikuwa la kawaida. Mtu anapofariki, ndugu hukaa kikao cha ukoo, wanapendekeza msimamizi, wanaandika muhtasari, kisha msimamizi anakwenda mahakamani kufungua shauri la mirathi. Akishateuliwa, kanuni za mwaka 1971 zinamtaka ndani ya miezi minne awasilishe orodha ya mali na madeni ya marehemu kwa Fomu Namba 5, isipokuwa mahakama imemwongezea muda, na baadaye alete hesabu ya jinsi alivyogawa kwa Fomu Namba 6. Hapo ndipo mirathi inafungwa. Nilitaka kujua ni wasimamizi wangapi wanarudi kweli na fomu hizo, wangapi wanawekewa pingamizi na ndugu zao, na kama mjane akiteuliwa mambo yanakwenda tofauti na anapoteuliwa mtoto wa kiume au ndugu wa marehemu.

Nilichagua majalada badala ya mahojiano kwa sababu niliona ni rahisi. Karatasi haikatai kuhojiwa, haikuambii uje kesho. Hayo yalikuwa mawazo yangu kabla sijaanza kutafuta kibali.

Kuhusu kibali nitasema kwa kifupi, maana kila aliyefanya utafiti nchini anayajua. Chuo kilinipa barua, nikaipeleka ngazi ya juu ya mahakama, nayo ikashuka kwa hakimu mkazi mfawidhi wa wilaya, kisha kwa hakimu mfawidhi wa Mahakama ya Mwanzo. Mahakama ni mhimili wake peke yake, kwa hiyo barua ya mkuu wa mkoa au ya mkurugenzi wa halmashauri haikufungulii mlango wa masjala. Kilichonigharimu hakikuwa mlolongo bali neno moja. Barua yangu iliomba "kupitia majalada ya mirathi". Siku ya tatu nilitoa simu nipige picha ukurasa wa mwenendo uliokuwa na mwandiko mgumu, karani akaniwekea kiganja juu ya ukurasa. "Hapa imeandikwa kupitia. Haikuandikwa kupiga picha." Alikuwa sahihi kabisa. Mimi si mdaawa katika yale mashauri, sina haki ya nakala, na ruhusa niliyopewa ilikuwa ya macho tu. Ningeandika tangu mwanzo aina ya mashauri, miaka, jina la kituo, kwamba nitaandika muhtasari kwa mkono bila majina, na kwamba majalada hayatatoka masjala, nisingepoteza siku kumi na moja nikisubiri barua ya ufafanuzi. Barua hiyo ilipokuja ilikataa picha. Baadaye nilishukuru.

Sasa nirudi kwenye rafu.

Nilianza kwa kufungua kila jalada la mirathi la miaka 2014 hadi 2016 nililoliona. Nikasoma 118. Picha iliyojitokeza ilikuwa tulivu ajabu. Kikao cha ukoo kimekaa, msimamizi kateuliwa, hakuna aliyepinga, barua imekwenda benki, basi. Katika 118, yenye pingamizi yalikuwa 14 tu, karibu moja kati ya nane. Nikaanza kuandika sura yenye maneno kama "maridhiano ya kifamilia". Nilipompelekea msimamizi wangu wa tasnifu, alinirudishia na swali moja pembeni: rejesta inasema yalifunguliwa mangapi?

Sikuwa nimeiangalia rejesta. Ni daftari kubwa, jalada gumu, ambamo kila shauri linaandikwa siku linapofunguliwa: namba, tarehe, jina la mwombaji, jina la marehemu, na safu ya mwisho ya matokeo ambayo mara nyingi iko tupu. Nikaketi nayo siku mbili. Kwa miaka ileile mitatu ilikuwa na mashauri ya mirathi 163. Kwa hiyo 45 sikuyaona.

Karani, ambaye kufikia hapo nilikuwa nikimwita Mama na kumwamkia kabla sijavua begi, alicheka. "Hayo mengine yamepanda," alisema. Yamepanda maana yake ni kwamba mtu amekata rufaa Mahakama ya Wilaya, au mahakama ya juu imeita jalada ilikague. Shauri la Mahakama ya Mwanzo likikatiwa rufaa, jalada lenyewe la asili linapelekwa juu, na kumbukumbu inayobaki chini ni mstari kwenye kitabu cha kupokelea na kupelekea. Likitoka Wilaya linaweza kwenda Mahakama Kuu. Likimalizika huko linapaswa kurudi. Linapaswa.

Nilichukua kile kitabu na kufuatilia moja baada ya lingine. Majalada 19 yalikuwa Mahakama ya Wilaya, 6 yalikuwa Mahakama Kuu, 8 yalikuwa kwa hakimu kwa sababu bado yanasikilizwa, na 12 hakuna aliyejua yaliko. Yale 8 niliyaacha bila kuyagusa. Shauri ambalo halijaamuliwa si mahali pa mtafiti kuchungulia, na barua yangu ya pili ilisema mashauri yaliyokwisha tu. Yale 25 yaliyopanda niliyaombea ruhusa upya kwenye kila ngazi, nikayasoma yote kwa miezi mitatu, mengine kwenye meza ya korido. Kati ya hayo 25, yenye pingamizi yalikuwa 22.

Ukijumlisha, 36 kati ya 143. Robo. Kutoka moja kati ya nane hadi robo, bila ya kubadilika chochote katika maisha ya watu wale. Kilichobadilika ni mahali nilipotafuta. Ile sura ya maridhiano niliifuta yote. Rafu ya masjala hubakiza mashauri ambayo watu hawakugombana, kwa sababu ugomvi ndio unaolihamisha jalada. Anayechagua sampuli kwa kuokota kwenye rafu amechagua amani kabla hajaanza kuhesabu.

Yale 12 yaliyopotea sikuweza kuyasemea, lakini niliweza kuyawekea mipaka. Kama hakuna hata moja lililokuwa na pingamizi, basi ni 36 kati ya 155, asilimia 23. Kama yote yalikuwa nalo, ni 48 kati ya 155, asilimia 31. Nikaandika kwamba ukweli uko kati ya hapo, na sikujifanya kujua zaidi. Mtahini mmoja alisema sehemu hiyo ndiyo aliyoiamini kuliko zote katika tasnifu, jambo lililonifurahisha na kunisikitisha kwa pamoja.

Kabla sijafika kwenye balaa lenyewe, niseme kidogo kuhusu Fomu Namba 5, maana ilinifundisha kusoma karatasi kwa mashaka. Swali langu lilikuwa kama imewasilishwa ndani ya miezi minne. Nilidhani nitasoma tarehe na kutoa. Lakini fomu moja ilikuwa na tarehe tatu: ile aliyoiandika msimamizi pembeni ya saini yake, ile ya mhuri wa kupokelewa, na ile ambayo hakimu aliandika kwenye mwenendo kwamba fomu imeletwa mbele yake. Katika jalada moja saini ilikuwa ya mwezi wa tatu tangu uteuzi, mhuri wa mwezi wa tano, na mwenendo wa mwezi wa saba. Je, mama yule alichelewa? Kwa saini hapana, kwa mhuri ndiyo. Nilichagua mhuri, kwa sababu kuwasilisha ni kitendo cha mahakamani, si cha sebuleni. Lakini niliziandika tarehe zote tatu kwenye safu tatu tofauti, ili mtu asiyekubaliana nami aweze kuhesabu kwa njia yake.

Na pale ambapo fomu haipo kabisa, nilijifunza kutosema "mali haikugawanywa". Wengi hufungua mirathi kwa sababu benki au mfuko wa pensheni umewaambia hautatoa fedha bila barua ya usimamizi. Wakipata fedha wanagawana nyumbani, wazee wanashuhudia, dua inasomwa, maisha yanaendelea. Mahakama haisikii tena habari zao. Katika jalada unaweza kuwatambua: karatasi ya mwisho ni nakala ya barua kwenda benki, halafu kimya. Kimya hicho ni cha jalada. Cha familia sikijui.

Sasa balaa.

Tangu siku ya kwanza niliahidi kamati ya maadili ya chuo kwamba sitaandika jina la mtu yeyote. Kwa kweli, sikuliandika. Kwenye kompyuta kila shauri lilikuwa na alama, M001, M002, na kuendelea, na daftari dogo lililounganisha alama na namba halisi lilikaa nyumbani kwenye sanduku lenye kufuli. Majina ya watoto sikuyanakili hata kwenye daftari hilo. Karatasi za hospitali ambazo watu huziweka kwenye jalada kuthibitisha kifo nilizipita bila kuandika ugonjwa. Nilijiona nimekamilika.

Katika sura ya nne nilisimulia shauri moja kwa kirefu. Lilikuwa zuri mno kwa hoja yangu: marehemu aliacha wajane wawili, jahazi na mashine ya kusaga. Mjane mdogo aliteuliwa kuwa msimamizi, mtoto mkubwa wa mjane mkubwa akapinga, na vita vyao vilikuwa ni kama jahazi liliuzwa na marehemu kabla hajafa au liliuzwa na msimamizi baada ya kuteuliwa. (Vitu nimevibadilisha hapa. Havikuwa jahazi wala mashine ya kusaga, ila vilikuwa vya namna hiyo, vitu ambavyo mji mdogo hauna viwili.) Niliandika "Marehemu A", "Mjane B", na nikaweka mwaka. Nikaongeza sentensi kwamba shauri lilifika hadi Mahakama Kuu.

Niliiwasilisha sura hiyo kwenye semina ya idara. Wakati wa chai, wakili mmoja wa makamo alinifuata akiwa na kikombe mkononi. "Dada, ile familia ya jahazi ni ya mzee fulani," na akataja jina. Lilikuwa ndilo. Nikamwuliza kwa sauti ndogo kama alilishughulikia. "Hapana. Nimelitafuta sasa hivi wakati unazungumza." Akanionyesha simu. Alikuwa ameingia kwenye tovuti ya TanzLII, ambako hukumu za Mahakama ya Rufani na za Mahakama Kuu huwekwa wazi kwa yeyote, akaandika neno la Kiingereza la jahazi pamoja na la mirathi, na hukumu ikatokea ya tatu kutoka juu. Majina kamili ya mjane, ya mtoto, ya marehemu, kijiji, namba ya shauri la chini. Kazi yote ya dakika mbili.

Niliona joto likinipanda masikioni. Kilichoniumiza zaidi si kwamba jina lilijulikana, maana jina lilikuwa wazi tangu hukumu ilipotolewa. Hukumu ya Mahakama Kuu ilikuwa na kurasa saba kuhusu kama rufaa ililetwa nje ya muda. Mimi nilikuwa nimeandika yale yaliyokuwa kwenye mwenendo wa chini, ambayo hukumu haikuyagusa: mjane mdogo aliulizwa na mshauri mmoja wa mahakama maswali kuhusu uzazi wa mtoto wake wa mwisho. Kwa hiyo yeyote mwenye simu angeweza kuchukua jina kutoka kwenye hukumu na fedheha kutoka kwenye tasnifu yangu, akaviunganisha. Mimi ndiye niliyejenga daraja.

Na tazama ilivyokuwa: majalada yenye pingamizi ndiyo yaliyonipa shida kuyapata, kwa sababu yalipanda. Kwa sababu hiyohiyo ya kupanda, ndiyo yasiyofichika. Shauri tulivu lililobaki kwenye rafu hakuna anayelijua nje ya familia. Shauri nililolihangaikia miezi mitatu lina majina yake mtandaoni.

Nilipomweleza msimamizi wangu aliguna tu, kisha akanikumbusha uamuzi wa mwaka 2015 wa kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, uliohusu wajane wawili kutoka Shinyanga na sheria za mila za mirathi. Kule uamuzi unawataja kwa herufi tu, E.S. na S.C. Hapa nyumbani, shauri lao la Mahakama Kuu lina majina yao kamili. "Herufi ni pazia la upande mmoja," alisema Dokta. "Ukilitundika wewe wakati mwenzako ameacha dirisha wazi, umefunika nini?"

Hapo tukabishana, kwa sababu mwanasheria amelelewa kutaja shauri kwa jina na namba. Asiyetaja anaonekana amebuni. Mtahini atauliza: hili jalada liko wapi, nitalithibitishaje? Mtafiti wa jamii amelelewa kinyume chake. Tasnifu yangu ilikuwa na miguu katika mitumbwi miwili. Tulichokubaliana ni kutenganisha matumizi mawili ya shauri moja. Nikijadili hoja ya kisheria ya hukumu iliyochapishwa, naitaja kwa jina na namba kama kawaida, na sisemi neno hata moja kwamba nimelisoma jalada lake la chini. Nikitumia yaliyomo ndani ya jalada, natumia alama ya M, nafuta mwaka, na sisemi lilipanda mpaka wapi. Vitu hivi viwili havikutani kwenye ukurasa mmoja wala kwenye tanbihi. Mtahini akitaka uthibitisho, atakuja ofisini kwa Dokta, atafunguliwa daftari, atasoma, atalifunga. Mmoja alikuja kweli, akachagua alama tano bila mpangilio, akaridhika.

Kwa majedwali nilihitaji kipimo, si hisia. Mtu mmoja hajulikani kwa jina tu. Anajulikana kwa mchanganyiko. Wajane wawili, wengi wanao. Mashine ya kusaga, wapo. Msimamizi mwanamke, wapo. Weka vyote kwenye mstari mmoja, amebaki mtu mmoja wilaya nzima. Nikaongeza safu kwenye jedwali langu la kompyuta inayohesabu ni mashauri mangapi yana mchanganyiko uleule: B ilikuwa jinsi ya msimamizi, C idadi ya wajane, D aina ya mali kuu.

```
=COUNTIFS(B:B,B2,C:C,C2,D:D,D2)
```

Mstari unaotoa 1 ni mtu anayeonekana waziwazi. Nilijiwekea mpaka wa 5. Chini ya hapo, naunganisha makundi. Jahazi, mashine ya kusaga na gari la abiria vikawa "chombo cha biashara". Wajane wawili, watatu na wanne wakawa "zaidi ya mmoja". Mara ya kwanza nilipoendesha hesabu hiyo, mashauri 61 kati ya 143 yalikuwa chini ya 5. Baada ya kuunganisha yakabaki 9, na hayo 9 sikuyatolea mfano wala kuyanukuu, nikayahesabu tu kwenye jumla. Nilipoteza rangi nyingi, nakiri. Tofauti kati ya mke wa pili na wa tatu ingenifaa sana katika sura ya tano, na sikuweza kuitumia.

Nukuu nazo nilizipima. Kila sentensi niliyotaka kuinukuu niliiandika kwenye mtambo wa kutafutia mtandaoni ikiwa ndani ya alama za nukuu, kwa Kiswahili na kwa tafsiri yangu ya Kiingereza, kisha nikatafuta maneno yake adimu kwenye TanzLII. Kati ya nukuu 34, mbili ziliniongoza moja kwa moja kwenye hukumu, kwa sababu jaji naye alizipenda akazinukuu. Nikaziondoa na kueleza maana yake kwa maneno yangu. Kipimo hiki hakikulindi dhidi ya jirani. Jirani hahitaji mtandao. Kwa jirani dawa niliyoipata ni kutotaja wilaya, na hata hilo ni nusu dawa, kwa sababu wanaonijua wanajua nilikaa wapi miezi ile.

Tarehe 1 Mei 2023, nikiwa katikati ya kusahihisha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika. Inazihesabu taarifa za watoto, za afya na za miamala ya fedha kuwa nyeti, na jalada la mirathi ni vitu hivyo vitatu vilivyofungwa kwa kamba moja. Kamati ya maadili ikaniuliza upya: umepata ridhaa ya hao warithi? Sikuwa nayo. Kuwatafuta warithi wa mashauri 143, wengine wakiwa hawasemezani tangu hukumu, kwenda kuwaambia "nimesoma ugomvi wenu, naomba ruhusa" kungekuwa kuwadhuru zaidi. Niliandika hivyo hivyo, bila kupamba, nikaambatanisha ile safu ya hesabu na orodha ya yale ambayo sikuyanakili kamwe. Walikubali. Nadhani kilichowashawishi ni orodha ya yasiyonakiliwa, na hapo ndipo nilipomshukuru karani kwa kiganja chake. Ningekuwa na picha, ningekuwa na kila kitu, majina ya watoto na karatasi za hospitali, kwenye simu inayoibika ndani ya daladala.

Jaribu jingine lilikuja kwa wema. Karani, akiona navutiwa na shauri la mjane mmoja, aliniambia, "Huyu namjua, anauza vitumbua stendi. Nikupe namba yake, akueleze mwenyewe." Moyo uliruka. Lakini yule mama alitoa namba yake kwa mahakama ili aitwe siku ya shauri, hakuitoa ili mwanafunzi ampigie miaka saba baadaye. Nikamwambia karani asante, sitaichukua. Aliniangalia kama mtu anayekataa maji ya kunywa jua la saa nane. Kwa muda wote uliobaki nilikwepa kununua vitumbua stendi, jambo ambalo si maadili ya utafiti bali woga wangu tu.

Nilipomaliza nilirudi kutoa muhtasari wa matokeo kwa hakimu mfawidhi. Alisoma ukurasa mmoja, akafika kwenye yale 12, akaweka miwani mezani. "Naomba orodha ya hayo majalada." Sikujua la kujibu. Niliahidi kamati kwamba data ghafi haitoki kwa mtu yeyote, na niliahidi pia kutowatambulisha watumishi. Kwenye jedwali langu kulikuwa na safu ya herufi za karani aliyeshika jalada mara ya mwisho, kama kitabu cha kupelekea kilivyoonyesha. Ningempa jedwali lote, ningekuwa nimemkabidhi mtu kazini kwake. Lakini namba za mashauri zilikuwa zake yeye, nilizitoa kwenye rejesta yake mwenyewe. Nilimpa namba 12 zilizoandikwa kwa mkono kwenye karatasi, bila safu nyingine yoyote. Hakuniuliza zaidi.

Baada ya wiki tatu karani alinipigia. Wawili kati ya waliopotea wameonekana, alisema, kama vile anazungumzia watoto. Walikuwa wamefungwa ndani ya bunda la kesi za jinai za mwaka 2016, mtu alishika kamba isiyo yake. Nikapanda basi, nikayasoma palepale kaunta. Moja lilikuwa na pingamizi, jingine halikuwa nalo. Nikarudi kwenye meza yangu na kusahihisha: 37 kati ya 145, na mipaka ikasogea kutoka asilimia 23 na 31 ikawa 24 na 30. Kumi bado.